Oili ya injini za D-4, GDI na tabo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya gerejini kwangu Chake Chake, kwa wateja wanaokuja na gari zao na kwa wenzetu wa Unguja wanaopiga simu. Mengi yanarudi kila wiki, na mengi yanakuja baada ya madhara kutokea. Nimeyapanga kutoka ya mwanzo hadi yale magumu. Jibu likigusa jambo lililokwisha kuelezwa, nimetaja namba ya swali badala ya kurudia.

## Mambo ya mwanzo

1. Nitajuaje kama gari yangu ni ya aina hii?

Injini tunazozizungumzia ni zile ambazo nozo zake zinapuliza petroli ndani ya silinda yenyewe. Injini za kawaida zinapuliza petroli nje, kwenye njia ya hewa, nyuma ya vavu. Fungua boneti usome kifuniko cha injini. Toyota huandika D-4, Mitsubishi GDI, Volkswagen TSI, Subaru DIT na Mazda SKYACTIV-G. Kwenye majibu ya chini, nikisema D-4 nakusudia zote za aina hii.

Kama kifuniko hakisemi kitu, tafuta kibati cha namba ya injini. Kwa Toyota, herufi FSE au FTS mwishoni ni dalili ya D-4, na T hapo ina maana ya tabo. IST au Vitz yenye 1NZ-FE haimo katika kundi hili. Kwa Nissan tazama DD, kama MR20DD ya X-Trail, au DDT yenye tabo, kama MR16DDT ya Juke. Noah na Voxy za umbo la 2001 hadi 2007, zile tunazoziita "Noah D4", zina 1AZ-FSE, kwa hivyo zimo, ila hazina tabo. Tofauti hiyo ni kubwa. Tazama swali la 8.

2. Oili iko chini, vavu ziko juu. Ukoko wa kwenye vavu unatokana vipi na oili?

Injini inapofanya kazi, moshi kidogo hupenya kwenye ringi na kushuka kwenye sampu. Humo hujichanganya na mvuke na vitone vidogo vya oili. Moshi huo hautolewi nje. Unarudishwa kwenye njia ya hewa kwa mpira mdogo na vavu ya kupumulia, ili uchomwe tena. Ukipita kwenye vavu ya moto, oili iliyomo inashika na kukauka, na siku zikipita inakuwa ukoko mweusi mgumu, sawa na ukoko wa wali uliosahauliwa jikoni.

Katika injini ya kawaida petroli inapita juu ya vavu hiyo hiyo kila mzunguko na kuiosha. Katika D-4 petroli haifiki hapo kabisa. Ndiyo maana gari mbili za mtu mmoja, zikitiwa oili ya dumu moja, moja hukaa na vavu safi na nyengine ikajaa ukoko. Oili inayogeuka mvuke kwa urahisi ndiyo inayoleta ukoko mwingi zaidi, na hapo ndipo uchaguzi wa oili unapoanza kuwa na maana.

Zipo injini za Toyota zenye nozo za aina mbili kwa pamoja, zinazoitwa D-4S. Hizo zinaosha vavu zao na tatizo hili kwao ni dogo.

3. Na huo "mlipuko wa kabla ya wakati" ni kitu gani?

Huu ni ugonjwa wa injini zenye tabo. Kwenye madumu mapya utauona umeandikwa kwa herufi LSPI. Unatokea injini ikizunguka polepole, takriban mizunguko 1,500 hadi 2,500 kwa dakika, huku dereva amekanyaga sana na tabo inasukuma hewa nyingi. Fikiria gari iliyojaa abiria inapanda mlima ikiwa bado kwenye gia kubwa.

Nozo inapuliza petroli ndani ya silinda, na baadhi yake hugonga ukuta wa silinda. Hapo inajichanganya na oili kwenye mwanya ulio juu ya ringi ya kwanza. Kitone cha mchanganyiko huo, au kipande cha ukoko kilichobanduka, kinarushwa katikati ya silinda na kuwaka chenyewe kabla plagi haijatoa cheche. Moto unaanza wakati pistoni bado inapanda, na mgandamizo unaotokea unaweza kuwa zaidi ya mara mbili ya ule wa kawaida. Ukija mara moja utasikia "ngo!" moja. Ukija siku mbaya unavunja pistoni.

Watu wengi wanauchanganya na injini kugonga kwa petroli mbovu. Ni vitu viwili, na namna ya kuvitofautisha iko swali la 13.

## Kuchagua oili

4. Nikifika dukani nitazame nini kwenye dumu?

Geuza dumu nyuma. Tafuta duara dogo lenye maneno API SERVICE juu yake. API ni taasisi ya petroli ya Marekani inayoweka viwango vya oili. Ndani au karibu yake kuna herufi mbili, na hizo ndizo ninazozisoma mimi kabla ya jina la kampuni na kabla ya bei.

Kwa gari ya D-4 yenye tabo, nataka herufi ziwe SP. Kiwango hiki kilianza Mei 2020, na oili inayopata SP lazima ipite jaribio la mlipuko wa kabla ya wakati pamoja na jaribio la kulika kwa cheni ya taimingi. Kabla yake, Mei 2018, kilitolewa kiwango cha muda kiitwacho SN PLUS, nacho kilijaribiwa kwa mlipuko huo. Lakini SN peke yake, bila ya neno PLUS, haikujaribiwa. Mteja akiniambia "nimenunua SN, ni nzuri", mimi huuliza kwanza kama PLUS imeandikwa.

SM, SL na SJ ni za zamani zaidi. Si kwamba ni chafu, ila zilitungwa kwa injini zisizokuwa na ugonjwa huu.

Kuanzia Machi 2025 kuna kiwango kipya zaidi, SQ. Ukikipata, chukua, kinafaa popote SP inapofaa. Kilichonivutia ndani yake ni kwamba oili inajaribiwa pia baada ya kuzeeshwa, si ikiwa mpya tu. Usikitafute kwa tochi, lakini, SP inatosha.

5. Kwa nini kila mtu siku hizi anailaumu kalsiamu?

Kwa sababu lawama ina msingi. Kila oili ya injini ina dawa ya kusafisha inayozuia masizi kuganda kwenye pistoni na inayoua asidi. Kwa miaka mingi dawa hiyo ilitengenezwa kwa kalsiamu, na ilifanya kazi vizuri. Injini ndogo za tabo zilipoenea, watafiti waligundua kwamba kadiri kalsiamu ilivyo nyingi kwenye oili, ndivyo kile kitone cha swali la 3 kinavyowaka mapema kwa urahisi.

Dawa ya magnesiamu inasafisha bila ya kuleta balaa hilo. Ndiyo maana oili nyingi za SP zimepunguza kalsiamu na kujaza nafasi yake kwa magnesiamu. Zinki na molibdenamu, ambazo zipo kwenye oili kwa ajili ya kuzuia msuguano na kulika, zimeonekana kusaidia kuuzuia mlipuko.

Hapa pana jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui: huwezi kuondoa kalsiamu yote na kuiacha injini bila ya dawa ya kusafisha. Ukifanya hivyo utapunguza mlipuko na kuongeza ukoko. Oili nzuri ni ile iliyopata mizani kati ya hayo mawili, na mizani hiyo hutaiona kwa macho wala kwa kuipaka kidoleni. Utaijua kwa herufi za kwenye dumu tu.

6. Joto letu kali. Si bora nitie 20W-50, nzito, iweze kuhimili?

Hili ndilo swali ninalobishana nalo zaidi. Mzee mmoja aliwahi kuniambia, "Mwanangu, oili ya 0W-20 ni maji, hiyo ni ya Ulaya kwenye barafu." Nilimheshimu, lakini nilimueleza hivi.

Joto la nje hapa kwetu ni nyuzi 25 hadi 33 hivi. Oili ndani ya injini inafanya kazi kwenye nyuzi 90 hadi 110, iwe gari iko Wete au iko Sapporo kwenye baridi ya Japani, kwa sababu injini ina thamostati na rejeta zake. Kiwanda kilipima mianya ya beringi na ukubwa wa pampu kwa oili ya uzito fulani. Ukitia nzito mno, inachelewa kufika juu asubuhi, na vavu za kugeuza taimingi, zinazoendeshwa kwa presha ya oili, hazijibu kwa wakati.

Kisha 20W-50 nyingi zinazouzwa kwa bei ya chini ni za SL au za zamani zaidi, zenye kalsiamu ya mtindo wa kale. Kwa hiyo tatizo la dumu hilo ni uzito na pia mapishi yake. Fuata kitabu cha gari. Kikiruhusu 0W-20 na 5W-30, mimi kwa Pemba na Unguja huchagua 5W-30 ya SP. Hatuna baridi inayohitaji 0W, na 5W iliyotengenezwa vizuri kwa kawaida haipotezi mvuke mwingi. Kitabu kikitaja 0W-16 au 0W-20 peke yake, kama gari nyingi za haibridi, tia hiyo hiyo.

7. Nina oili ya lori nyumbani, 15W-40, na imeandikwa CI-4. Naweza kuitia?

Usiitie kwenye tabo ya petroli. Oili ya dizeli ya aina hiyo imejazwa dawa ya kusafisha, mara nyingi kalsiamu nyingi, kwa ajili ya masizi ya dizeli. Kwa lori ni neema, kwa injini yako ni kinyume kabisa cha kile tulichokisema swali la 5. Dumu lililoandikwa herufi za dizeli pamoja na SL au SM bado halijapita jaribio la mlipuko.

8. Nina Noah D-4 ya 2004 isiyo na tabo. Na mimi nilipie SP?

Mlipuko wa swali la 3 si shida yako, kwa sababu bila ya tabo mgandamizo kwenye mizunguko midogo haufiki huko. Shida yako ni ukoko wa vavu, na gari yenye umri huo huwa imeshakula ringi na sili za vavu, kwa hivyo inameza oili.

SP itakufaa kwa sababu hizi za ukoko, na kiwango kipya kinachukua nafasi ya vya nyuma. Hakiidhuru injini ya zamani. Lakini nikikuta bei imekuelemea, nitakwambia nunua SN 5W-30 ya kweli na uibadilishe kwa wakati. Kwa gari yako hiyo ina faida kuliko SP inayokaa kilomita 10,000.

9. Kuna namba yoyote inayoonesha oili itageuka mvuke kiasi gani?

Ipo, inaitwa Noack. Oili inapashwa moto nyuzi 250 kwa saa moja, kisha inapimwa imepungua asilimia ngapi. Kwa oili za SP za uzito mwepesi kikomo ni asilimia 15. Kampuni nyingi huweka namba hii kwenye karatasi ya maelezo ya bidhaa mtandaoni, si kwenye dumu. Ukikuta 5W-30 mbili za SP, moja ina 13 na nyengine ina 9, kwa ajili ya vavu chukua ya 9.

Nasisitiza: namba hii ni ya kuchagulia kati ya oili mbili ambazo tayari ni za SP. Haiwezi kuikomboa oili isiyo na herufi sahihi. Maneno "sinthetiki kamili" nayo ni vivyo hivyo. Oili ya sinthetiki ya mwaka 2010 ilikuwa sinthetiki, na kalsiamu ilikuwamo.

10. Nitajuaje kama dumu si la bandia?

Kampuni zilizopewa leseni ya kutumia lile duara zimeorodheshwa kwenye mtandao wa API wenyewe:

```
https://engineoil.api.org
```

Tafuta jina la oili kama lilivyoandikwa kwenye dumu, na uzito wake. Isipotokea, usinunue. Likitokea, bado kagua muhuri wa kifuniko na namba ya toleo: iwe imechapwa kwenye dumu lenyewe na isifutike kwa kidole. Mimi hununua dukani ambako dumu linafunguliwa mbele yangu, na likishamalizika nalitoboa ili lisirudi sokoni.

## Matumizi ya kila siku

11. Nibadilishe kila baada ya kilomita ngapi?

Kwa D-4 yenye tabo hapa visiwani, kilomita 5,000 au miezi 6, lolote litakalotangulia. Kitabu kinaweza kusema zaidi, lakini tazama safari zetu: Michenzani hadi Darajani, kusimama, kurudi, Wete mjini kupeleka watoto skuli, kuzima, kuwasha. Injini haipati moto vya kutosha kuifukuza petroli iliyoingia kwenye oili. Oili iliyochoka na iliyojaa vumbi la chuma pia inachochea ule mlipuko, kwa hivyo kuchelewesha kunaharibu mara mbili.

12. Oili yangu haipungui, inaongezeka. Nifurahi?

Hapana, na uje haraka. Kinachoongezeka ni petroli. Chomoa kijiti cha kupimia asubuhi, gari ikiwa imelala mahali tambarare, uinuse. Harufu ya petroli kali na oili nyepesi inayodondoka kama maji vinathibitisha. Petroli hiyo inaipunguza nguvu oili na inalisha kile kitone cha swali la 3.

Sababu inaweza kuwa safari fupi tu, na hapo kubadilisha oili na kuipeleka gari safari ndefu mara moja kwa wiki kunatosha. Ikirudi ndani ya kilomita 1,000, kagua nozo inayovuja au pampu ya presha kubwa.

Kutia oili kupita alama ya juu nako ni kosa. Shafti inaipiga na kuifanya povu, na mvuke mwingi zaidi unaelekea kwenye vavu. Mimi huacha kidogo chini ya alama ya juu.

## Dalili na kisa kimoja

13. Injini inagonga. Nitajuaje ni petroli, ni ukoko, au ni huo mlipuko?

Petroli dhaifu inagonga mfululizo, sauti kama kokoto zinatikiswa kwenye kopo, kila ukikanyaga na kila mlima. Ukiachia, inanyamaza.

Mlipuko wa kabla ya wakati hauna ratiba. Unaweza kupanda mlima ule ule mara ishirini kimya, mara ya ishirini na moja ukasikia kishindo kimoja kizito, kama nyundo imegonga injini, pengine viwili au vitatu vikipishana, kisha kimya. Hautokei injini ikizunguka haraka.

Ukoko wa vavu haugongi. Gari inatetemeka asubuhi ikiwashwa, inamisi dakika chache, kisha inatulia ikipata moto. Mashine ya kusomea makosa huonesha P0300 au namba ya silinda moja, mfano P0302. Nguvu inapungua pole pole hata mwenye gari haoni, mpaka siku aendeshe ya mwenzake.

14. Umewahi kukutana nao kweli, au ni habari za mtandaoni?

Nimekutana nao. Mwalimu mmoja wa skuli alikuwa na gari ndogo ya tabo, lita 1.2, silinda nne. Aliishi Mkoani na kila siku alikuja Chake Chake, mara nyingi na wenzake wanne ndani. Gari ilikuwa otomatiki na yeye aliendesha kwa upole ili abane petroli, kwa hivyo milima yote aliipanda kwenye mizunguko ya chini. Fundi aliyemhudumia kabla yangu alimtilia 20W-50 ya SL, mara mbili mfululizo.

Alianza kusikia kishindo kimoja kimoja penye milima. Alidhani ni jiwe limegonga chini. Baada ya wiki mbili hivi gari ikaanza kutetemeka, ikatoa moshi wa buluu, na ukifungua kifuniko cha oili injini ikiwaka, upepo ulikuwa unatoka kwa mapigo.

Nilipima mgandamizo. Silinda ya kwanza, ya pili na ya nne zilisoma karibu sawa, ya tatu ikasoma chini ya nusu ya wenzake. Nikamimina oili kidogo tundu la plagi nikapima tena, ikapanda. Hiyo ilinambia hewa inatoroka kwenye ringi, si kwenye vavu. Tulipofungua, pistoni ya tatu ilikuwa imevunjika ule ukingo ulio kati ya ringi ya kwanza na ya pili. Ulikatika kwa ncha kali, safi.

Hapo nilijiuliza kama ni kugonga kwa kawaida au nozo mbovu. Kugonga kwa muda mrefu huacha juu ya pistoni pamechongeka vitundu, kama pamepigwa mchanga, na nozo inayobana petroli huyeyusha pistoni au huunguza plagi. Hapa juu ya pistoni palikuwa pazima, plagi zilikuwa nzima, na nozo zote zilipopimwa zilitoa sawa. Kinachovunja ukingo wa ringi namna hiyo bila ya kuyeyusha chochote ni pigo moja kubwa la ghafla.

Siwezi kusema oili peke yake ndiyo iliyovunja. Mzigo, mlima na mizunguko midogo vilikuwepo kila siku. Lakini oili ndiyo kitu pekee kati ya hivyo ambacho mwalimu angeweza kukibadilisha kwa bei ya dumu moja. Ukuta wa silinda ulinusurika, tukausugua, tukaweka pistoni na ringi mpya zilizokuja kwa boti kutoka Dar es Salaam. Nilitia SP 5W-30, nikaimwaga baada ya kilomita 1,000 ili mabaki ya ile ya zamani yatoke, kisha nikatia tena.

15. Nibadilishe uendeshaji pia?

Penye milima, ndiyo. Ukikaribia mlima shusha gia kabla gari haijalemewa, au kwenye otomatiki peleka mkono S au M, injini izunguke juu ya 2,500. Mwalimu wa swali la 14 alihofia petroli. Tofauti aliyoiona kwenye tangi ilikuwa ndogo mno hata akaacha kuipima.

16. Vavu zangu tayari zina ukoko. Oili nzuri itauondoa?

Haitauondoa. Oili nzuri inapunguza kasi ya ukoko mpya. Uliokwisha kuganda unabaki. Dawa ya kutia kwenye tangi la petroli inasafisha nozo, na hilo ni jambo la maana, lakini haifiki kwenye vavu kwa sababu ile ile ya swali la 2.

Dawa ya kweli ni kufungua njia ya hewa na kusafisha kwa mkono. Zungusha injini mpaka vavu za silinda unayoifanyia kazi ziwe zimefunga kabisa, mimina dawa ya kulainisha, iache ilale, kisha kwangua kwa kijiti cha plastiki na brashi, na unyonye uchafu wote kabla ya kwenda silinda inayofuata. Nchi nyengine hupuliza unga wa maganda ya jozi. Asije mtu akakwambia apulize mchanga. Chembe moja ikibaki inakwenda kwenye ukuta wa silinda.

Kwa injini yenye tabo sipendi dawa za kupuliza huku injini inawaka. Vipande vinavyobanduka vinapita kwenye silinda, na kipande cha moto ndicho kimojawapo cha vyanzo vya mlipuko.

## Yasiyo ya kawaida

17. Wavuvi wananiambia nitie oili ya mashine ya boti kidogo kwenye petroli, iilainishe. Ni kweli?

Ni kweli kwa mashine ya boti ya mipigo miwili na kwa Vespa ya zamani, kwa sababu hazina sampu ya oili. Kwenye gari yako unakuwa unamwagia oili silinda makusudi, kitu ambacho majibu yote ya juu yanajaribu kukizuia. Inashusha uwezo wa petroli kuhimili mgandamizo na inaongeza ukoko. Usifanye.

18. Petroli ya chupa za barabarani ina athari?

Ikiwa imechanganywa mafuta ya taa, ndiyo. Mafuta ya taa hayageuki mvuke upesi kama petroli, kwa hivyo yanabaki majimaji kwenye ukuta wa silinda, yanashuka kwenye oili na yanawaka kirahisi kwa mgandamizo. Hata SP haitakuokoa hapo. Ukilazimika, tia kidogo cha kukufikisha kituoni, na uendeshe bila ya kuilemea injini.

19. Kuna kopo la kunasia oili linalofungwa kwenye mpira wa kupumulia. Linasaidia?

Linasaidia kiasi kwa vavu, likiwa na chujio ndani na likimwagwa. Kwa unyevu wetu, khasa wakati wa masika, utakuta ndani uji mweupe wa maji na oili. Likijaa linarudisha vyote kwa mkupuo. Usilinunue kabla ya kubadilisha vavu ya kupumulia yenyewe, ambayo ni rahisi na mara nyingi ndiyo iliyokwama.

20. Niko Micheweni, oili imepungua na SP haipo. Niongeze nini?

Ongeza SN au iliyopo ya uzito ulio karibu, ifike alama ya chini tu, si juu. Injini yenye oili pungufu inaharibika leo, wakati kalsiamu kidogo ya ziada inaharibu kwa bahati na kwa muda. Usipande milima kwa gia kubwa mpaka uibadilishe yote.

21. Gari yangu ni ya Ulaya, kitabu hakitaji SP, kinataja herufi nyengine.

Fuata idhini ya kiwanda kwanza, ile namba inayoanza na jina la gari, kama VW au MB. Kwa upande wa ACEA, chama cha watengenezaji gari wa Ulaya, viwango vilivyotolewa 2021 viitwavyo C6 na A7/B7 vina jaribio la mlipuko ndani yake. C3 na A3/B4 vya zamani havina. Dumu zuri kwa gari hizo ni lile lenye idhini ya kiwanda pamoja na SP kwenye lebo moja, na yapo.